Kikombe cha Nne: Kumsomea Karata Mtu Asiyemwona Anayempenda

(Hotuba niliyoitoa Jumamosi alasiri hapa Moshi, mbele ya wenzetu tunaojifunza kusoma karata za taroti. Naiweka yote kwa ajili ya waliozuiwa na mvua.)

Shikamooni wazee wangu. Dada zangu na kaka zangu, habari za mchana. Poleni na njia, najua kutoka Rau na Pasua leo ni tope tupu.

Nianze kwa swali. Nani humu ndani hajawahi kuchora kopa? Kwenye daftari la shule, kwenye barua, kwenye kiganja cha mkono? Sote tumechora. Na nani ana babu au mjomba aliyekuwa akicheza karata barazani? Basi mliwasikia wakitaja kopa, shupaza, uru na pau. Majina hayo manne tumeyapata kwa Wareno, na kwao neno lililotuzalia kopa maana yake ni vikombe. Vikombe, ndugu zangu! Ile alama ya mapenzi tunayoichora tangu utotoni, jina lake ni kikombe.

Kwa hiyo tunapofungua taroti, yenye karata 78, tukakuta kundi la Vikombe, hatujakutana na mgeni. Ni kopa zetu zilezile. Nne ya Vikombe ni nne ya kopa iliyochorewa mtu ndani yake. Leo nataka tukae na mtu huyo peke yake, hasa anapotokea mbele ya mteja aliyekuja na swali la mapenzi, na pembeni kuna mtu anayempenda kwa dhati ambaye yeye hamwoni.

Neno langu la leo ni moja, na nitalirudia mpaka mlichoke: kabla hujautaja mkono, soma vikombe vitatu. Kabla hujautaja mkono, soma vikombe vitatu.

Toeni karata yenu. Nazungumzia picha aliyoichora Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, ile pakiti iliyotoka London mwaka 1909, kwa sababu ndiyo wengi wenu mnayo. Tazameni bila haraka. Kijana ameketi chini ya mti. Miguu ameikunja, mikono ameifunga kifuani. Mbele yake kwenye majani kuna vikombe vitatu. Ubavuni, kutoka katika wingu dogo, umetokeza mkono ulioshika kikombe cha nne, unampa. Yeye ameinamisha macho.

Sasa hesabuni mikono ya namna hiyo katika karata ndogo zote 56. Mkono unaotoka winguni mtaukuta kwenye ree nne: ree ya Vikombe, ya Fimbo, ya Panga na ya Sarafu. Mtaukuta na hapa. Basi, hakuna pengine. Maana yake nini? Ree ni mwanzo, ni kitu kinachokujia kabla hujakipanga. Kwa hiyo kikombe cha nne ni mwanzo mpya ulioingia katikati ya hadithi ya mtu aliyedhani hadithi yake inajulikana. Hakukiomba. Hakukitafuta. Kimekuja kikiwa kimeshikwa.

Halafu tazameni mkono wenyewe. Haumgusi begani. Haumtikisi. Umenyoosha tu. Ndiyo maana karata hii ikitoka katika mapenzi, anayependa kwa kawaida ni mtu mkimya. Mwenye kelele angeonekana, na karata ingekuwa nyingine.

Na vile vitatu? Hapa ndipo wengi wetu tunapita mbio. Vile vitatu vimesimama. Havikumwagika. Wekeni pembeni yake karata inayofuata, Tano ya Vikombe: mtu wa joho jeusi, mbele yake vikombe vitatu vimelala, vimemwaga, na nyuma yake viwili vimesimama asivyoviona. Karata mbili, majirani, na katika zote mbili macho yako kwenye vitatu. Mmoja anaangalia vilivyosimama, mwingine anaangalia vilivyomwagika. Wa Tano analia. Wa Nne hajapoteza kitu, amekinai. Waite mwenyewe aliandika kwamba ni kama divai ya dunia hii imemletea kukinai tu, na sasa anapewa divai nyingine lakini haoni faraja ndani yake. Ni neno zito, kukinai. Sisi wa huku tunalijua kwa mbege. Ukishakunywa mbege iliyochacha kupita kiasi katika nyumba tatu, nyumba ya nne hata wakikuletea iliyoiva vizuri, ya ndizi nzuri na ulezi uliooteshwa kwa uangalifu, unaisogeza kata kabla haijafika mdomoni. Hukuionja. Umeikataa kwa ladha ya zile tatu.

Kwa hiyo nauliza tena: utajuaje kwa nini mtu anakataa kikombe cha nne, kama hukumuuliza habari za vile vitatu?

Niwape kisa. Mwenyewe ameniruhusu nikisimulie, na mambo ya kumtambulisha nimeyabadilisha. Ni dada wa miaka 34, anauza vitenge upande wa Mbuyuni. Alikuja mwezi wa nne, masika yamekaza. Swali lake: "Dada, niambie tu ukweli. Mimi nitapata mtu au sitapata?"

Swali la namna hiyo silisomi lilivyo. Jibu lake ni ndiyo au hapana, na karata haziwezi kumwahidi mtu mwingine. Tukaligeuza pamoja, likawa: "Nimekaaje kuhusu mapenzi sasa hivi, na kuna nini nisichokiona?" Nikampangia karata tano. Ya kwanza, yeye alivyo. Ya pili, kinachojaza macho yake. Ya tatu, asichokiona. Ya nne, kinachomfunga mikono. Ya tano, njia inakoelekea akiendelea kukaa hivyohivyo.

Zikatoka hivi. Ya kwanza, Nne ya Vikombe. Ya pili, Sita ya Vikombe. Ya tatu, Mpanda Farasi wa Sarafu. Ya nne, Nane ya Panga. Ya tano, Tano ya Vikombe.

Najua mnachotaka kusema. Naona tayari mmoja pale nyuma anatabasamu. Kuna mwanamume mtulivu anampenda, amwambie amkubali, kisa kimekwisha! Ngojeni. Tumesema tunaanza wapi? Vikombe vitatu.

Na kinachojaza macho yake kimetajwa na karata ya pili, Sita ya Vikombe. Ni ile ya mtoto anayempa mtoto mwenzake kikombe chenye ua, katika ua wa nyumba ya zamani. Kumbukumbu. Sikumwambia "unamkumbuka mtu." Nilimuuliza: "Wanaume uliowahi kuwa nao, wanafanana wapi?" Akakaa kimya muda mrefu, mpaka nikasikia matone kwenye bati. Kisha akasema, "Kicheko." Alipokuwa na miaka 19 alimpenda kijana wa kwao, wakaachana kijana alipokwenda Dar. Waliofuata baadaye, mmoja baada ya mwingine, walikuwa watatu, na kila mmoja alimvutia kwa sababu alicheka kama yule. Hakuna aliyemtesa. Hakuna aliyemwibia. Waliisha tu, kama chai inavyopoa mezani. Mnaona? Vikombe vitatu vilivyosimama. Si machozi, ni kukinai. Alikuwa akinywa kinywaji kimoja mara tatu, kisha akaamua kwamba mapenzi yote ladha yake ndiyo hiyo.

Sasa ndipo tukageukia mkono. Mpanda Farasi wa Sarafu. Katika wapanda farasi wanne wa taroti, farasi wake ndiye pekee aliyesimama kabisa. Wa Panga anakwenda mbio, wa Fimbo farasi wake ameinua miguu, wa Vikombe anakwenda kwa hatua za upole na kikombe chake mkononi. Huyu wa Sarafu amesimama, ameshika sarafu moja, nyuma yake shamba limelimwa. Mwanamume huyu hacheki kama yule wa zamani. Mtu aliyezoea kutafuta kicheko, atamwonaje?

Nikamuuliza: "Kuna mtu anakuangalia kwa wema?" Akasema hakuna. Na alisema kweli, kwa sababu asiyeonekana haonekani kwa kuulizwa moja kwa moja. Hili nalo naomba mlishike, maana nimelipata kwa miaka mingi ya kukosea. Usimuulize mteja "nani anakupenda." Mwambie akusimulie siku yake ya jana, tangu kufungua kibanda mpaka kufunga. Yote, hata yasiyo na maana. Kisha tega sikio kwa mtu anayetajwa bila jina.

Akasimulia. Asubuhi alichelewa, lakini marobota yalikuwa yameshashushwa, "yule fundi alikuwa ameyaangalia." Mchana akamaliza chenji, akapata kwa "yule fundi." Saa kumi mvua ikaanza kushuka kutoka mlimani, turubai likafungwa. Nikauliza: "Likafungwa na nani?" Akanyamaza. "Ni yule fundi cherehani wa ng'ambo," akasema. "Huwa analifunga." Huwa! Tangu lini? Akafikiri. Tangu masika ya mwaka uliopita. Mwaka mzima, ndugu zangu. Nikamuuliza jina lake nani. Hakulijua.

Hakulijua jina.

Sisi tunaokaa hapa chini ya Kibo tunaelewa. Wageni wanapanda ndege kutoka mbali kuja kuuona mlima. Sisi tunaupa mgongo tukigombea nauli ya daladala, na wingu likifunguka jioni, wangapi wetu wanainua macho?

Lakini je, tunajuaje kwamba fundi ana nia ya dhati, na si dada yetu aliyeanza kuota kwa sababu mimi nimempa la kuota? Hapa msomaji anaweza kuharibu maisha ya mtu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukueni Saba ya Vikombe. Pale napo kuna wingu, tena kubwa, na ndani yake vikombe saba: kimoja kina ngome, kimoja vito, kimoja nyoka, kimoja joka, na vingine vya namna yake. Vinang'aa kuliko kikombe chochote. Lakini tafuteni mkono. Upo? Haupo. Hakuna aliyevishika. Tofauti ya Saba na Nne ndiyo hiyo: wingu lisilo na mkono ni mawazo yako mwenyewe, wingu lenye mkono ni mtu anayetoa kitu. Ningekuta Saba mahali pa tatu, nisingethubutu kumtaja mwanamume yeyote. Ningemwambia dada, hapa unatamani, na kutamani si kosa, ila bado hakuna mtu.

Na hata palipo na mkono, mkono ni matendo. Turubai lilifungwa au halikufungwa? Lilifungwa. Mara moja au mara nyingi? Mwaka mzima. Aliwahi kudai kitu? Hapana. Hayo ndiyo niliyoyapima, na nikamwambia wazi kwamba karata imenionyesha pa kuangalia, ila ushahidi ameutoa yeye kwa mdomo wake. Tena nikaongeza: mtu anaweza kukufungia turubai kwa ujirani mwema tu. Wapo watu wema duniani. Mpanda Farasi wa Sarafu ni mtu wa kuaminika. Kwamba moyo wake unasema nini, huo ni wa kuulizwa yeye.

Karata ya nne, Nane ya Panga, mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni na kamba mwilini, sitaichambua sana. Kamba zile zimelegea na miguu yake iko huru. Kwa dada yetu ilikuwa ndugu zake, waliokuwa wakisema fundi cherehani si wa hadhi yao. Hakuwa ameyawaza maneno hayo kuhusu mtu huyu, ila yalikuwa yamemfunga macho zamani. Na ya tano, Tano ya Vikombe, haikuwa hukumu. Ilikuwa inasema: ukiendelea kukaa hivi, siku moja vitatu hivi vitakuwa vimemwagika, na utavililia huku vingine vimesimama nyuma yako. Wasomaji wengine hapa wangemtisha. Mimi nilimwonyesha picha mbili, Nne na Tano, zikiwa ubavu kwa ubavu, nikamwacha azitazame.

Sasa naomba niwape kisa cha pili, kifupi, na hiki ni kosa langu.

Miaka iliyopita, nikiwa Arusha, binti mmoja alinijia. Ikatoka Nne ya Vikombe. Kulikuwa na kijana anayemjali, mzuri kweli, na binti mwenyewe alimjua. Nikaruka moja kwa moja kwenye mkono. Nikamwambia: "Mwanangu, kikombe hicho hapo, kichukue, usiwe na kiburi." Akakichukua. Baada ya miezi michache akarudi amekonda, ameachana naye, na kijana wa watu ameumia. Mama yake alikuwa amefariki muda mfupi kabla ya kunijia. Mimi sikuuliza. Mikono ile iliyofungwa kifuani haikuwa kiburi, ilikuwa ya mtu anayejishikilia asianguke. Na pembeni ya karata ile kulikuwa na Nne ya Panga, mpiganaji aliyelazwa juu ya kaburi amekunja mikono kama anasali. Pumziko. Karata ilisema wazi, mimi nikaona mkono tu. Nimemwomba radhi binti huyo. Kwa Wachagga mtu huomba radhi na jani la isale. Mimi sikuwa nalo siku ile, nilikuwa na maneno tu.

Kwa hiyo ukiona Nne ya Vikombe, tazama majirani zake. Ikikaa na Nne ya Panga, au na Mtawa aliyeshika taa, huyo anapumzika, mwache apumzike. Kikombe kinaweza kusubiri au kisisubiri, hilo si lako kuamua. Ikikaa na Sita ya Vikombe, amejaa kumbukumbu. Na ikiwa kichwa chini? Waite aliiandikia mambo mapya, mafunzo mapya, mahusiano mapya. Mimi nimeiona mara nyingi ikimaanisha macho yanaanza kuinuka. Ila msiichukue kama ahadi, someni karata inayofuata.

Bado mtu mmoja hatujamzungumzia. Je, kama mteja wako ndiye mkono?

Huyu huja mara nyingi kuliko mnavyodhani. Anauliza, "Ananiona kweli?" Nne ya Vikombe inatoka mahali pa yule anayempenda. Hapo nawaomba sana, msimwambie avumilie. Kuvumilia anakujua, ndiyo maana yuko hapo. Mkono ule winguni una kasoro moja: hauna mdomo. Marehemu bibi yangu alipokuwa akimkaribisha mgeni mbege, hakuisukuma kata mbele yake na kuondoka. Alionja kwanza yeye, mbele ya macho ya mgeni, kisha akasema, "Karibu, hii nimekutengenezea wewe." Mgeni angeweza kukataa, lakini asingeweza kusema hakuona. Mwambieni mteja wa namna hiyo aseme mara moja, kwa maneno ya wazi, kwamba kikombe hiki ni chako. Mara moja inatosha. Akijibiwa hapana, basi ameonekana na amekataliwa, na hiyo ni karata nyingine tofauti kabisa na hii.

Na tusimsomee mtu ambaye hayupo kana kwamba tumeingia kifuani mwake. Karata inamwonyesha yule wa pili kama anavyoonekana kutoka upande wa aliyeketi mbele yako.

Mama mmoja aliniuliza wakati wa chai yule dada wa vitenge aliishia wapi. Nitawaambia ninachokijua. Alirudi mwezi wa tano. Hakuja kusomewa, alikuja kuniletea kipande cha kitenge. Akaniambia kwamba ameshalijua jina la fundi, na kwamba kwao ni Kibosho. Halafu akaniambia siku moja mvua ilianza kushuka, fundi akavuka njia kama kawaida yake, na yeye badala ya kuendelea kukunja vitenge akasimama, akashika upande mmoja wa turubai, fundi akashika wa pili, wakalifunga.

Sikumuuliza zaidi.